Kristali ya 32.768 kHz ikigoma kuanza kwenye bodi mpya

Bodi imerudi kutoka kiwandani, programu inapakiwa vizuri, taa inawaka, lakini saa ya ndani, RTC, ya mikrokontrola ya STM32F103 haitembei. Wengi hukimbilia kubadilisha kristali. Mimi naanza na datashiti ya kristali yenyewe, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye namba moja: CL, yaani kapasitansi ambayo kristali ilipimiwa nayo kiwandani.

Kristali ndogo za 32.768 kHz huuzwa kwa CL ya 12.5 pF, 9 pF, 7 pF au 6 pF, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kapasita mbili zinazotoka kwenye miguu ya kristali kwenda graundi, kwa upande wa kristali, zimeungana kwa mfululizo. Kwa hiyo zikiwa sawa, nusu tu ya thamani ya kila moja ndiyo inayohesabika. Juu yake ongeza Cs, yaani kapasitansi ya pini na njia za shaba, ambayo kwenye bodi iliyochorwa vizuri nakadiria kuwa 2 pF. Thamani ya kila kapasita, C, ni hii:

```
C = 2 × (CL − Cs)
```

Kristali ya 6 pF inataka kapasita za 2 × (6 − 2) = 8 pF, hivyo weka 8.2 pF. Ya 12.5 pF inataka 21 pF, nawe utaweka 22 pF. Tumia kapasita za aina ya C0G. X7R hubadilika kwa joto na kuivuta saa.

Ila hesabu ya kapasita kuwa sahihi haimaanishi kristali itaanza. Mikrokontrola lazima iwe na nguvu ya kuisukuma, na nguvu hiyo, gm, kwa LSE, sakiti ya F103 inayoendesha kristali hii, ni 5 µA/V tu. Kiwango cha chini kinachohitajika ni hiki:

```
gm_min = 4 × ESR × (2πF)² × (C0 + CL)²
```

F ni masafa ya kristali, ESR ni ukinzani wake wa ndani, na C0 ni kapasitansi yake yenyewe. Chukua kristali yenye ESR ya kilo-omu 70 na C0 ya 1.3 pF. Kwa CL ya 12.5 pF unapata takriban 2.26 µA/V, kwa hiyo akiba ni 5 ÷ 2.26, yaani mara 2.2. Kwa CL ya 6 pF unapata 0.63 µA/V, na akiba inapanda hadi karibu mara 8. Tunachotaka ni angalau mara 5. Ndiyo maana datashiti ya F103 inakataza kabisa kristali ya 12.5 pF kwa LSE. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuanza mezani kwako, kisha ikagoma kwenye bodi ya kumi au kwenye baridi.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, hakikisha programu imeiwasha kweli. Bila DBP, biti inayofungua ulinzi, kuandika kwenye rejista ya BDCR inayowasha LSE hakufanyi chochote:

```c
RCC->APB1ENR |= RCC_APB1ENR_PWREN | RCC_APB1ENR_BKPEN;
PWR->CR |= PWR_CR_DBP;
RCC->BDCR |= RCC_BDCR_LSEON;
```

Kisha subiri biti ya LSERDY, inayoonyesha kristali imeanza, na uwe na subira: kuanza huchukua sekunde 3 hivi kwa kawaida. Programu inayokata tamaa baada ya nusu sekunde itakuambia kristali ni mbovu, kumbe ni nzima.

Usiguse mguu wa kristali kwa probu ya oskiloskopu. Probu ya 10× huongeza takriban 10 pF, zaidi ya kapasita uliyoweka, na inaweza kuizima kristali inayofanya kazi. Washa biti ya CCO kwenye BKP_RTCCR ukiwa umechagua LSE kuwa chanzo cha RTC, na pini ya PC13 itatoa mawimbi ya 512 Hz. Hapo hata mita yenye kipimo cha masafa inatosha kujua kama kristali inapiga.

Haipigi? Safisha eneo la kristali kwa pombe ya isopropili na brashi, kisha likaushe vizuri. Mkondo hapa ni mdogo mno kiasi kwamba mabaki ya fluksi yenye unyevu yanatosha kuuvujisha, na hewa ya pwani huzidisha hali. Halafu toa kapasita zote mbili kwa muda. Ikianza bila kapasita, mzigo ulikuwa mkubwa: ama kapasita si zenyewe, ama CL ya kristali si uliyodhani. Ikiwa bado kimya, tazama lehemu chini ya kristali na njia za PC14 na PC15, pini ambazo kristali imeungwa nazo. Zikipelekwa hadi kwenye viunganishi vya pembeni, kama zilivyo kwenye bodi nyingi za majaribio, huongeza kapasitansi na kuingiza kelele.

Ikishaanza, pima akiba. Kata njia moja, weka rizista ya kilo-omu 330 kwa mfululizo na kristali, kisha zima na uwashe umeme. Ikianza hata hivyo, kristali yenye ESR ya kilo-omu 70 ina akiba inayozidi mara 5. Ondoa rizista, rudisha njia, kisha angalia mwendo wa saa: ikiwahi, ongeza kapasita kidogo, ikichelewa, punguza. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni sekunde 1.7 kwa siku, kwa hiyo acha saa itembee wiki nzima kabla ya kubadilisha chochote.