Tyubu yenye ukungu haisemi kweli: himoglobini, Drabkin na mgonjwa wa selimundu

Juzi nimeandikiwa na kijana wa maabara upande wa Busia: "Dada, habari za kazi. Grafu yangu ya himoglobini haianzi sifuri, na mtoto mmoja wa selimundu amenipa 12 wakati viganja vyake ni vyeupe kabisa. Nimwamini nani, mtoto au mashine?"

Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, kwa sababu swali hilo liliwahi kunitoa machozi. Nitafika huko. Kwanza grafu yake.

Dawa ya Drabkin hufanya kazi mbili ndani ya tyubu moja. Ferisayanidi hubadilisha chuma kilichomo kwenye himoglobini na kuifanya methemoglobini, kisha sayanidi hujishikiza hapo na kuwa sayanmethemoglobini, rangi iliyotulia ambayo haibadiliki ukiiacha mezani unywe chai. Ndiyo maana tunaipenda. Damu ni maikrolita 20, dawa ni mililita 5, yaani damu imepunguzwa mara 251. Changanya, subiri dakika 5 kama dawa ina sabuni yake, na 15 kama ni ile ya zamani isiyo na sabuni, kisha soma kwa nanomita 540, au kwa filta ya kijani kama una kolorimita ya kawaida.

Stendadi ya kuchorea grafu hununuliwa ikiwa tayari ni sayanmethemoglobini. Hapa ndipo wengi hupotea: wanachukua maikrolita 20 za stendadi na kuzitia kwenye mililita 5 za dawa kama vile ni damu. Hapana! Hiyo imekwisha kupunguzwa. Tuseme chupa imeandikwa gramu 0.6 kwa lita. Zidisha kwa 251, unapata gramu 150.6 kwa lita, yaani inasimama mahali pa mgonjwa mwenye gramu 15.1 kwa desilita. Sasa panga tyubu tano: stendadi mililita 4 bila kitu, kisha 3 na dawa 1, 2 na 2, 1 na 3, na ya mwisho dawa tupu. Thamani zake ni 15.1, 11.3, 7.5, 3.8 na sifuri. Kwenye spektrofotomita nzuri yenye kyuveti ya sentimita 1 utasoma karibu 0.41, 0.31, 0.20, 0.10 na 0. Kolorimita yako itatoa namba zake yenyewe, na ndiyo sababu kila mashine huchorewa grafu yake. Usiazime ya jirani.

Grafu ya kijana huyu haikuanza sifuri kwa kuwa alisawazisha mashine kwa maji. Drabkin ina umanjano wake, na filta pana huuona. Sawazisha kwa dawa yenyewe, na upunguze stendadi kwa dawa hiyohiyo. Mstari ukipinda huko juu tu, tatizo ni filta kupitisha mwanga mwingi usiohitajika. Tumia sehemu iliyonyooka, na mgonjwa anayezidi hapo umpunguze kwa dawa, usome tena, uzidishe.

Basi, grafu imenyooka. Mtoto bado ana 12.

Mimi nilikutana na mtoto kama huyo katika kituo kimoja cha mashariki nilichokuwa nikifanya kazi. Tyubu yake ilisoma 0.33. Kwa kipimo cha 251, kila 0.1 ni takriban gramu 3.7, kwa hiyo ilikuwa 12.1. Nikaishika mbele ya karatasi yenye maandishi, herufi zikawa kama zimefunikwa na tui. Nikabadilisha filta nikasoma kwenye nyekundu ya mbali, nanomita 750, ambako sayanmethemoglobini haina la kusema. Tyubu safi hapo hutoa karibu sifuri. Hii ilitoa 0.07. Rangi haikuwapo hapo, ila kulikuwa na kitu kinachotawanya mwanga, na mashine haijui tofauti ya mwanga ulionyonywa na mwanga uliotupwa pembeni. Vyote huvihesabu kuwa himoglobini.

Hematokriti yake, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ilikuwa 24%. Gawa kwa tatu: 8. Si 12.

Chanzo chenyewe ni kwamba chembe nyekundu za selimundu ni sugu. Baadhi hukataa kupasuka ndani ya Drabkin na hubaki zikielea. Huku kwetu si jambo la kitabuni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 na 2015 ulikuta takriban 13% ya watoto wadogo waliopimwa Uganda wana chembeuzi cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Wenye ugonjwa wenyewe ni wachache zaidi, lakini ndio wanaokaa kwenye mabenchi yetu kila wiki.

Nilichofanya: nikachukua sehemu moja ya mchanganyiko ule, nikaongeza sehemu moja ya maji safi yaliyokenekwa. Chembe zilipasuka, ukungu ukaondoka, herufi zikaonekana. Nikasawazisha kwa dawa iliyoongezwa maji vilevile, nikasoma 0.108. Zidisha kwa mbili, 0.216, ambayo ni gramu 7.9.

Nikaipeleka. Mkubwa wa zamu akasema mbele ya wagonjwa kwamba mashine imetoa 12 na mimi nimejitungia 8. Sikumjibu. Nilirudi na zile tyubu mbili na kipande cha gazeti, nikaviweka mezani kwake. Hakuomba radhi mpaka leo, lakini jibu lililotoka kwenye fomu lilikuwa langu.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaopenda njia za mkato. Msitoe 0.07 kwenye 0.33 mkadhani mmesahihisha. Mwanga hutawanyika zaidi kwenye kijani kuliko kwenye nyekundu, mngepata 0.26, ambayo ni 9.6, uongo mdogo badala ya mkubwa. Kusoma kwa 750 ni kwa kugundua tu. Wala msiikimbize tyubu ya selimundu kwenye sentrifuji, maana chembe ambazo hazijapasuka zitazama chini na himoglobini yake, na mtasoma chini ya ukweli. Sentrifuji ni ya mwenye chembe nyeupe nyingi mno, kama mgonjwa wa lukemia: zungusha mchanganyiko, soma maji ya juu.

Mafuta kwenye damu ni kesi nyingine. Plazma nyeupe kama maziwa haisafiki kwa maji. Chukua plazma ya mgonjwa huyohuyo maikrolita 20 kwenye mililita 5 za dawa, isome kama damu. Ikitoa 2.0 na hematokriti ni 35%, plazma ni 65% tu ya damu, kwa hiyo unatoa 1.3 kwenye jibu lako, si 2 nzima.

Na wewe kijana wa Busia: mtoto huyo mwamini, rudia kwa maji, na usipipeti kwa mdomo. Mabaki ya Drabkin yasikutane na asidi hata tone, kwani hutoa gesi ya sayanidi. Jibu likitoka, niandikie zile namba mbili, ya kabla ya maji na ya baada yake.