Wacha kurekebisha mfumo, tafuta karatasi kwanza

"Nimehesabu stoo Jumamosi, katoni 96 za mafuta ya kupikia hazipo na sabuni imezidi 14. Meneja wa fedha anataka ripoti: idadi, sababu na mapendekezo ya udhibiti. Nimeanza kurekebisha mfumo ulingane na hesabu, na sababu nitaandika wizi. Ripoti iwe kurasa ngapi, na niweke bei ya kununua au ya kuuza?"

Funga hiyo skrini kwanza. Na hilo neno wizi lifute kabla mtu hajaliona.

Nilikuwa kwenye stoo ya unga huko Lunga Lunga. Mfumo ulisema tuna beli 1,240 za unga wa mahindi, zile za paketi 12 za kilo mbili. Tukahesabu Jumamosi, tukapata 1,118. Zimepungua beli 122. Kwa bei ya kununulia ya wakati huo, shilingi 1,500 kwa beli, hizo ni 183,000. (Ndiyo, bei ya kununulia. Faida ambayo hujauza hujaipoteza.)

Sasa, kuna jamaa aliyetuuzia ule mfumo, tai shingoni, kila kikao anahubiri kwamba mfumo haudanganyi, wanaodanganya ni watu. Bosi wangu akalimeza, nami nikalimeza nyuma yake. Nikarekebisha mfumo ukasoma 1,118, nikaandika "upungufu, huenda ni wizi", nikapeleka ghorofani. Mtunza stoo, mzee ambaye alikuwa akiokota hata kipande cha kamba akirudishe mahali pake, akasimamishwa kazi. Vijana wa kupakia wakakatwa mishahara.

Hesabu ya mwezi uliofuata ikatoka na ziada ya beli 104. Meneja wa fedha akaniuliza kama siku hizi tunalima humo ndani.

Kilichotokea ni hiki. Ijumaa jioni lori la Nakuru lilipakia beli 80. Karatasi ya delivari iliandikwa hapo hapo, lakini ankara iliingizwa kwenye mfumo Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi tulipokuwa tunahesabu, unga ulishaondoka lakini kwa mfumo bado uko stoo. Mimi nikaziondoa hizo 80 kwa marekebisho, na Jumatatu ankara ikaziondoa tena. Beli zile zile zimetoka mara mbili.

Halafu kulikuwa na mzigo wa msambazaji. Ankara yake ilisema beli 200, lori likaleta 176. Kijana wa kupokea alifanya kazi yake vizuri kabisa: aliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya delivari "24 hazijafika", dereva akatia sahihi. Ila karani wa juu aliingiza GRN, ile hati ya kupokea mzigo, akisoma ankara, si ile karatasi, kwa hiyo mfumo ukapokea 200. Na kwa kuwa ripoti yangu ilishasema wizi, hakuna aliyejisumbua kumdai msambazaji shilingi 36,000. Mhasibu aliikuta ile karatasi akitafuta kitu kingine, tukadai, msambazaji akatupunguzia deni, na mfumo ukatoa beli 24 ambazo mimi nilikuwa nimeshazitoa. Themanini na 24, hiyo ndiyo 104 yako. Ukiona upungufu mwezi huu na ziada ya bidhaa hiyo hiyo mwezi ujao, usitafute mwizi, tafuta karatasi iliyochelewa.

Ripoti ambayo ningepaswa kupeleka ni hii:

Mfumo: 1,240
Zimetoka Ijumaa, ankara ya Jumatatu: toa 80
Hazikufika kutoka kwa msambazaji: toa 24
Zimeraruliwa na panya, ziko nyuma ya mlango, hazikuhesabiwa: toa 11
Zinazopaswa kuwepo: 1,125
Tulizohesabu: 1,118
Hazina maelezo: 7

Kwa hiyo zisizo na maelezo ni beli 7 tu. Shilingi 10,500. Hiyo ndiyo pesa ya kuulizana maswali, si 183,000. Meneja wa fedha anahitaji kuona huo mgawanyo kwa sababu kila mstari una njia yake: zile 80 si hasara kabisa, 24 ni deni la kudai, 11 ni hasara ya kuharibika, na 7 ndizo upungufu wenyewe, unaoingia kwenye gharama za kipindi hicho.

Sasa wewe. Kabla ya kuhesabu ulipaswa kuandika namba tatu: GRN ya mwisho, delivari ya mwisho na ankara ya mwisho. Najua hukuandika, hakuna anayeandika mpaka aumie. Zitafute sasa. Nenda kwa askari wa geti umwombe kitabu chake, kile cha namba za magari na saa za kuingia na kutoka. Yeye haingizi kitu kwenye mfumo wala hana bidhaa mikononi, kwa hiyo kitabu chake ndicho shahidi wako bora. Andika kila gari lililotoka na mafuta tangu Alhamisi hadi saa mlipoanza kuhesabu. Kila delivari ya hayo magari, uliza ankara yake iliingizwa tarehe gani. Kisha toa GRN zote za mafuta za mwezi huu, ulinganishe kila moja na karatasi yenye sahihi ya dereva, si na ankara. Tafuta karatasi moja yenye 96, au mbili zinazojumlika 96. Upungufu wa makaratasi mara nyingi hulingana na mzigo mzima. Wizi wa kudokoadokoa huwa hauna adabu hiyo.

Na usimguse mtu mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kwa mali iliyopotea pale mfanyakazi alipoipoteza kwa makusudi, na kifungu cha 41 kinataka asikilizwe, akiwa na mwenzake, kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. "Huenda ni wizi" haitoshi hata kwa nukta ya kwanza. Yule mzee wetu alirudishwa, lakini hakunisalimia tena, na sikumlaumu.

Mapendekezo, andika mawili tu yatakayofuatwa. GRN iingizwe kwa idadi iliyohesabiwa na kutiwa sahihi mlangoni, na karani asipewe ankara kabla. Na anayetunza stoo asiwe na uwezo wa kuingiza marekebisho. Aombe, meneja wa fedha aidhinishe akiona hizo namba tatu za mwisho zimeandikwa juu ya fomu. Hata wewe usiwe nao.

Kwa yale marekebisho uliyokwisha kuingiza, usiyafute. Ingiza mengine ya kuyarudisha, idadi ile ile kinyume, na kwenye maelezo taja namba ya marekebisho ya kwanza, ili anayekagua aone yote mawili. Kama wahasibu wameshafunga mwezi, waulize tarehe ya kuweka kabla hujabonyeza chochote.