Barua ya kudai fedha na fundi

"Intaneti inakatika kila mara. Niandikeje barua ili nirudishiwe hela na waniletee fundi?"

Ndugu, andika tarehe na saa za kila ilipokatika, na taa za ruta zilivyokuwa. Kwenye faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na kuzima na kuwasha hakusaidii. Nilipowaandikia watoa huduma wangu "LOS nyekundu, saa 2:10 hadi 5:40 usiku", waliacha kuniambia niiwashe upya.

Kiasi kitaje mwenyewe: jumla ya saa ulizokosa, gawa kwa 720 za mwezi wa siku 30, zidisha kwa ada. Saa 36 ni asilimia 5 ya ada.

Fundi mwombe katika aya yake: apime nguvu ya mwanga mwisho wa waya, ndani kwako, na akuachie kipimo kwa maandishi.