Aliyekuwa akimlaza hayupo: usingizi wa mtoto mdogo baada ya msiba

Mama yangu alipofariki kule Muheza, watu walinipa pole mimi, wakampa pole baba, wakawapa pole wajomba. Binti yangu wa miaka miwili alipewa biskuti. "Huyu hana shida, mama yake yupo," walisema. Ni kweli nilikuwepo, ila nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Aliyemwogesha, akamlisha na kumlaza kila siku alikuwa bibi yake. Kwa hesabu ya mtoto, aliyeondoka ndiye mlezi wake, na mimi nilikuwa mgeni anayependwa.

Mchana alicheza na watoto wenzake kama kawaida, hata watu wakasema hajui kitu. Giza likiingia alianza kuzunguka nyumba, akafungua mlango wa chumba cha bibi, akaangalia nyuma ya pazia. Nikimlaza, analia na kujinyonganyonga mikononi mwangu. Akipata usingizi, saa sita usiku ameshaamka anaita.

Usiku ndiyo saa ngumu kwa sababu mchana wa mtoto una watu wengi, lakini saa ya kulala huwa ina mwenyewe. Halafu kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huamka kidogo mara kadhaa usiku bila kukumbuka asubuhi. Mtoto akiamka hivyo akakuta mambo yako kama alivyoyaacha alipofumba macho, hujigeuza akaendelea. Akikuta mkono mwingine, harufu nyingine, chumba kingine, anaamka kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kwa undani marehemu alikuwa anamlazaje.

Wengi tunadhani tunajua. Mimi nilijua anabebwa mgongoni kwa khanga, basi. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa akikaa barazani na mama kila jioni, ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Anaogeshwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni kabla ya magharibi. Anakunywa uji. Anapakwa mafuta ya nazi miguuni, nyayo kwanza. Ndipo anabebwa, na bibi anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mnazi na kurudi, akiimba kwa pua bila maneno. Akishalegea analazwa kwa ubavu, chandarua kinashushwa, na mkono wa bibi unabaki mgongoni mwake mpaka pumzi iwe nzito. Nikamwomba anionyeshe namna ya kupigapiga. Akaweka kiganja mgongoni kwa mtoto, akakiacha, akakiinua kidogo, akakirudisha, taratibu kama mtu anayepima chumvi. Mimi nilikuwa napiga harakaharaka kama nambembeleza kichanga. Usiku ule, kwa mkono ule wa polepole, mwili wake ulilegea mapema kuliko siku zote tangu mazishi.

Waulize basi waliokuwa wakiona: dada wa kazi, jirani, watoto wakubwa wa nyumba. Uliza mpangilio, maneno, wimbo, taa ilikuwa imewashwa au imezimwa, redio ilikuwa inasikika au la. Kisha achaguliwe mtu mmoja wa kufanya hayo kila usiku. Hili ndilo gumu wakati wa matanga, maana nyumba imejaa. Leo mtoto analala mkekani na shangazi, kesho na mama mkubwa, kesho kutwa anasinzia mapajani mwa mtu asiyemjua chini ya turubai. Wote wana nia njema. Sema tu kwa adabu kwamba huyu analazwa na fulani, na ukoo utaelewa.

Wakati wa kufua na kugawa nguo za marehemu, ficha khanga moja ambayo haijafuliwa. Harufu inamtuliza mtoto pale ambapo maneno hayafiki. Kwa aliyezidi mwaka mmoja, kata kipande cha ukubwa wa leso akishike kitandani; khanga nzima inaweza kumzonga shingoni. Aliye chini ya mwaka mmoja asilale na kitambaa chochote kilicholegea.

Kama mtoto lazima ahame, ahame na godoro lake, chandarua chake na kikombe chake, hata kama mjini una vizuri zaidi. Mimi nilimhamishia Dar baada ya arobaini, na chandarua kile chenye kiraka kilining'inia chumbani kwangu Mbagala muda mrefu.

Sasa maneno. Mtoto wa umri huu hawezi kuelewa kwamba mtu ameondoka moja kwa moja. Utamwambia leo, kesho atauliza tena kwa sauti ileile kana kwamba hajawahi kusikia. Jibu lako liwe fupi na lisibadilike: "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hawezi kurudi. Mimi nipo." Linakwaruza koo, najua. Lakini ukimwambia bibi amelala, unamwomba huyohuyo mtoto alale dakika tano baadaye, na yeye ameshaona aliyelala haamki. Ukimwambia amesafiri, atamsubiri, na kila mlango ukigongwa atakimbia. Mkiwa watu wa dini, mwambieni na ya dini, ila mtangulize hilo la wazi. Na mazungumzo yenyewe yafanyike mchana. Tulibandika picha ya mama ukutani, tukawa tunaitazama asubuhi, tunamtaja, tunacheka. Bibi akitajwa usiku tu, atakuja na giza.

Akiamka usiku anaita, usimnyamazishe wala usimwashie simu. Kaa naye gizani, taja anachokitaka, "Unamtaka Bibi," halafu lile jibu fupi, halafu mkono mgongoni. Atalia. Kulia akiwa ameshikwa si sawa na kulia peke yake. Wanaoshauri mtoto aachwe alie mpaka azoee wasikilizwe siku nyingine. Huyu ameshaachwa mara moja, na kimya chake kinaweza kuwa ni kukata tamaa.

Kuna kuamka kwingine kunakotisha zaidi. Saa moja mpaka tatu hivi baada ya kusinzia, mtoto anapiga kelele, macho wazi, jasho linamtoka, anakusukuma kana kwamba hakujui. Majirani watasema marehemu anamwita. Sitabishana na dua wala sala ya mtu, isomwe. Ila mtoto huyo bado yuko usingizini, anaweweseka. Mara nyingi inapita yenyewe baada ya dakika chache, na asubuhi hakumbuki. Usimtikise wala kumwagia maji. Mzuie tu asianguke, ongea kwa sauti ya chini, ngoja. Ndoto mbaya ni tofauti: huja zaidi alfajiri, mtoto anaamka kweli, anakujua, anataka kukumbatiwa. Hapo mkumbatie.

Jambo la saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Ukijua hivyo unashawishika kumlaza mapema ili afidie. Lakini akilala chali saa nzima anatazama dari, kitanda kinageuka mahali pa kulilia. Binti yangu nilikuwa nikimweka kitandani saa moja na nusu usiku naye anasinzia karibu saa tatu. Nikahamisha shughuli zote, kuanzia kuoga, zimfikishe kitandani saa tatu kasorobo. Alipoanza kusinzia upesi, nikawa narudisha nyuma robo saa, nasubiri siku chache, narudisha tena. Usingizi wa mchana sikuuondoa, ila saa tisa alasiri namwamsha.

Ukifika wakati anasinzia bila kulia na anaamka mara chache, ndipo unaweza kuanza kubadilisha, kitu kimoja kwa wakati. Sisi tulianza na mgongo, maana nilikuwa naumwa kiuno: kutoka kubebwa kwa matembezi hadi kubebwa nimesimama, kisha kupakatwa, kisha kulala ubavuni pangu. Wimbo na mkono viliachwa vile vile. Utajua umekimbia ukiona anafumbua macho kila mara kuhakikisha upo, au mchana haachi gauni lako hata ukienda chooni. Rudi hatua moja, ukae hapo.

Kwenye dawa, nitasema wazi. Utaletewa Piriton au dawa ya maji ya kikohozi, "kijiko kimoja tu apumzike". Kataa. Dawa za aina hiyo zikitumika kumlaza mtoto mdogo ni hatari. Promethazini, dawa nyingine ya mzio inayosinzisha, kwa aliye chini ya miaka miwili inaweza kukwamisha pumzi hadi kuua. Wengine huchangamka badala ya kusinzia.

Mpeleke kliniki na kadi yake kama hali ya usiku haibadiliki kabisa baada ya wiki kadhaa, kama uzito unashuka, kama maneno aliyokuwa nayo yanapotea, au kama anakoroma huku pumzi ikikatika. Na mpeleke pia yule anayesifiwa. Yupo mtoto asiyelia, halali vizuri lakini haiti mtu, na akichukuliwa na mgeni yeyote anaenda tu. Watu husema "ameshazoea." James Robertson na John Bowlby, waliochunguza watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao hospitalini huko Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, waliona mtoto hulia kwa nguvu kwanza, kisha hunyong'onyea, kisha hujitenga, na manesi waliihesabu hatua hiyo ya mwisho kuwa ni kupona. Huyo anahitaji mtu mmoja wa kukaa naye kuliko anavyohitaji sifa.

Mwisho ni kuondoka kwako wewe mwenyewe, hasa wenye kazi za zamu. Usitoroke akiwa amelala ili asilie. Mtu wake wa kwanza alitoweka hivyohivyo. Nikiwa na zamu ya alfajiri namwambia jioni, wakati napaka mafuta nyayo: "Ukiamka utamkuta Dada kitandani hapa. Mimi nitakuwa kazini. Nitarudi jua likizama." Dada analala chumba hichohicho tangu usiku, na amefundishwa mkono ule wa polepole. Asubuhi analia kidogo, anakunywa uji, na jioni nikifungua mlango ananiuliza kama jua limezama.