Kafika miaka 16, hedhi haijaonekana

Binti yangu ametimiza 16 na hajavunja ungo. Kifua kilianza kuchomoza akiwa na 12. Mama mkwe anasema tumwache, kila mtu na wakati wake. Nimwache?

Usimwache. Mama mkwe hajakosea kabisa, maana zipo koo ambazo wasichana wake huchelewa, ila wengi wao hata kifua huchelewa. Kwa kawaida damu huja miaka miwili hadi mitatu tangu matiti yaanze kuchomoza, na wako amepitiliza. Siku hizi hatungoji hata hiyo 16: asiyepata hedhi akiwa na 15 huchunguzwa, na asiyeota matiti kabisa huchunguzwa akiwa na 13.

Daktari ataanzia kwenye kifua. Matiti hukuzwa na estrojeni inayotoka kwenye ovari, kwa hiyo yakiwa yamekua, kwa kawaida ovari zimefanya kazi. Linalobaki ni kujua kama mfuko wa uzazi upo na kama njia iko wazi, na hayo huonekana kwa ultrasaundi ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Ataulizwa pia kama amekonda sana au anafanya mazoezi makali, kwani ubongo huweza kusitisha hedhi kwa sababu hizo. Na msikasirike akipimwa mimba. Yai huweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza, na wapo waliobeba mimba bila kuona hedhi hata mara moja.

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana 15. Kila mwezi tumbo la chini linamsokota siku tatu nne, halafu linatulia. Damu hakuna. Tangu jana usiku hawezi kukojoa.

Marahaba. Mpelekeni hospitali leo hii, mkojo uliokwama haungoji. Huenda hedhi anapata, ila haina pa kutokea.

Nilimwona mmoja wa namna hiyo, ametibiwa U.T.I. mara tatu na minyoo mara moja. Tulimtoa mkojo kwa mpira, lakini uvimbe chini ya kitovu ukabaki. Ultrasaundi ikaonyesha uke umetanuka, umejaa damu, na mfuko wa uzazi umekaa juu yake kama kofia. Tulipomkagua, kizinda kilikuwa kimetuna nje, rangi ya samawati, hakina tundu hata moja. Alipewa nusukaputi, kikachanwa, ikamwagika damu nyeusi, nzito kama lami. Kingo zikashonwa ili pasizibe tena. Mwezi uliofuata akapata hedhi kama wenzake.

Mdogo wako asikubali mtu amtoboe kwa sindano. Damu nzito haitoki yote, na vijidudu huingia palipobaki. Kwa wengine kinachoziba ni ukuta ulio juu zaidi ukeni, au kovu la kukeketwa na kushonwa. Huo ukuta wa juu ni upasuaji mgumu zaidi, wa daktari bingwa.

Nina 17, matiti ninayo, maumivu sina. Nimeambiwa mfuko wa uzazi hauonekani. Kuna dawa ya kuukuza?

Hakuna, mdogo wangu, na atakayekuuzia anakuibia. Kwanza rudia picha kwa MRI, maana ultrasaundi huweza kukosea. Kisha upimwe kromosomu na homoni ya testosteroni. Ikiwa ni 46,XX, yaani kromosomu za kawaida za kike, na nywele za siri na za kwapa ziliota kawaida, basi yaelekea ulizaliwa bila mfuko, lakini ovari zako na mayai yamo. Upimwe figo pia, kwani baadhi ya wasichana hawa wana moja tu. Uke mfupi huweza kurefushwa taratibu kwa vifaa maalumu, mara nyingi bila kisu. Mwaka 2014 huko Sweden, mwanamke aliyezaliwa kama wewe alijifungua baada ya kupandikizwa mfuko wa uzazi, ingawa tiba hiyo bado ni adimu.

Ikitoka 46,XY, yaani kromosomu za kawaida za kiume, na nywele ni chache mno, mwili wako hausikii homoni za kiume. Hapo tezi zilizo ndani ni korodani, si ovari, nazo zinahitaji kufuatiliwa, na mtajadili na daktari kama zitolewe na lini.

Wangu ana 16, mfupi kuliko mdogo wake wa 12, na kifua bado cha mtoto. Duka la dawa wamenipa vidonge vya uzazi wa mpango vimletee hedhi. Nimpe?

Viweke kando. Kwa msichana ambaye bado hajarefuka, estrojeni ya kiwango hicho huweza kufunga mifupa mapema, abaki na kimo hichohicho. Na hata damu ikitoka, chanzo kitakuwa bado hakijajulikana.

Mwambie daktari apime homoni inayoandikwa FSH. Ikiwa juu, ubongo unaita na ovari haziitikii. Kwa msichana mfupi, la kutafutwa kwanza ni Turner, yaani kukosa kromosomu moja ya X, na moyo wake upimwe pia. Ikiwa chini, ubongo haujaita bado: huenda anachelewa tu, au ana sikoseli au ugonjwa mwingine wa muda mrefu, au tezi iliyo chini ya ubongo ina shida. Muulize kama ananusa vizuri. Asiyesikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa chumba cha pili, daktari anataka kujua hilo.