Kanuni ya thamani ya mwisho inasema 12 V, mbona volteji haitulii?

"Wakuu, nina sakiti ya RLC ya mfululizo. Chanzo cha 12 V kinawashwa ghafla, R = 12 Ω, L = 1 mH, C = 10 µF, natafuta volteji ya kapasita. Kanuni ya thamani ya mwisho imenipa 12 V, poa. Nikaambiwa niweke R = 0, nikapata 12 V tena, ila LTspice inaonyesha volteji inapanda na kushuka kati ya 0 na 24 bila kutulia. Nani kakosea, mimi au programu?"

Mkuu, programu iko sawa. Hata limiti yako umeikokotoa vizuri, shida ni kwamba kwenye R = 0 hukuwa na ruhusa ya kuitumia hiyo kanuni. Tumalize kwanza hesabu ya omu 12, halafu utaona mwenyewe ruhusa inatoka wapi.

Nachukulia kapasita ilikuwa tupu na koili haikuwa na mkondo kabla ya kuwasha. Ukigeuza kwa Laplace, chanzo kinakuwa 12/s, na volteji ya kapasita inakuwa:

```
Vc(s) = (12/s) · (1/LC) / (s² + (R/L)s + 1/LC)
      = 12·10⁸ / [ s(s² + 12000s + 10⁸) ]
```

Kabla ya kutenganisha chochote, tafuta mizizi ya asili, yaani kule chini ya mstari. Mmoja ni s = 0, umetoka kwa chanzo. Ile sehemu ya kipeo cha pili inatoa s = −6000 ± j8000. Mizizi ni namba changamano, kwa hiyo volteji itapitiliza 12 na kurudi. Sehemu yake halisi ni hasi, kwa hiyo huko kuyumba kutakufa. Hapo hujagusa visehemu bado, na tayari unajua umbo la jibu.

Sasa visehemu. Wengi wanakimbilia kuigawa ile ya kipeo cha pili katika mizizi miwili yenye j, wanajaza ukurasa mzima na alama zinapotea njiani. Mimi naiacha nzima, na juu yake naweka Bs + D:

```
Vc(s) = A/s + (Bs + D)/(s² + 12000s + 10⁸)

A = 12,   B = −12,   D = −144000

Vc(s) = 12/s − 12(s + 12000)/[(s + 6000)² + 8000²]
```

A unaipata kwa kufunika ile s ya chini na kuweka sifuri kwingine kote. B na D zinatoka kwa kulinganisha vipeo: vya s² vinadai A + B = 0, vya s vinadai 12000A + D = 0.

Hapa ndipo vijana wanaokuja fildi kwenye karakana yetu hukwama zaidi kuliko pengine popote. Chini kuna (s + 6000), juu kuna (s + 12000), na jedwali la Laplace linataka kitu kilekile juu na chini. Basi ivunje ya juu: s + 12000 = (s + 6000) + 6000. Kipande cha kwanza kinazaa kosaini. Kipande cha pili kinataka 8000 juu ili kizae saini, wewe una 6000, kwa hiyo saini inabeba 6000/8000 = 0.75.

```
vc(t) = 12 − 12·e^(−6000t)·[cos 8000t + 0.75 sin 8000t]
```

Usiamini jibu hili mpaka ulipime. Weka t = 0, unapata 12 − 12 = 0, sawa. Lakini kipimo hicho ni dhaifu, hata aliyesahau saini anakifaulu. Kipimo chenye meno ni mteremko wa mwanzo. Mkondo wa koili hauwezi kuruka ghafla, na hapa mkondo wa koili ndio mkondo wa kapasita, kwa hiyo mteremko wa volteji pale t = 0 lazima uwe sifuri. Ukitafuta mteremko hapo unapata 12·(6000 − 0.75·8000) = 0. Kama grafu yako inaanza kupanda kwa mshazari tangu mwanzo badala ya kuanza bapa, saini imepotea au 0.75 si sahihi.

Kilele kinafika kwa t = π/8000, karibu sekunde 0.0004, na ni 13.14 V hivi. Baada ya hapo inatulia kwenye 12.

Sasa turudi kwenye kanuni yako. Inasema zidisha Vc(s) kwa s, kisha peleka s kwenye sifuri. Masharti yake ni haya: ukishazidisha kwa s, mizizi yote iliyobaki chini iwe na sehemu halisi iliyo hasi. Kwa omu 12 inabaki −6000 ± j8000, ruhusa unayo. Kwa R = 0 inabaki s² + 10⁸, mizizi yake ni ±j10000, sehemu halisi ni sifuri. Ruhusa huna. Fanya visehemu vya hiyo uone:

```
12·10⁸/[s(s² + 10⁸)] = 12/s − 12s/(s² + 10⁸)
vc(t) = 12 − 12 cos 10000t
```

Hiyo inatembea kati ya 0 na 24 milele. Ile 12 uliyopata ni wastani tu, volteji haikai hapo. Limiti haiwezi kukuonya, kwa sababu haijui kama kuna mwisho wowote wa kufikia. Mizizi ikiwa upande chanya ni mbaya zaidi: volteji inakua bila kikomo na bado kanuni itakupa namba nzuri tu.

Jambo jingine, na hili nimelipata kwenye kutengeneza bodi za sola kuliko darasani. Hata pale ruhusa ipo, kanuni haisemi chochote kuhusu njia. Chukua koili halisi yenye upinzani wa omu 0.5 tu. Mizizi inakuwa na sehemu halisi −250, ruhusa ipo, jibu ni 12 V, na ni kweli itafika 12 V. Lakini njiani inapiga 23.1 V. Kama kapasita imeandikwa 16 V, hiyo 12 V ya mwisho haitakusaidia. Nimeletewa bodi zilizokufa pale tu betri ilipochomekwa, nyaya ndefu zikiwa ndiyo koili na kapasita za seramiki ndiyo C, upinzani hakuna wa maana. Mwenye bodi anaapa betri ni 24 V tu, na anasema kweli. Kwa namba zako, usipotaka volteji ipitilize kabisa, R isipungue 2√(L/C), yaani omu 20. Kwenye omu 20 kamili mizizi inakuwa miwili sawa, −10000, na visehemu vinabadilika sura: unahitaji kimoja chenye (s + 10000) na kingine chenye (s + 10000)².

Kuhusu LTspice, jambo dogo. Koili usipoiambia kitu, programu inaipa yenyewe upinzani wa omu 0.001. Kwa hiyo ulichoona "hakitulii" kwa kweli kinatulia, ila kwa mizizi yenye sehemu halisi −0.5 inachukua sekunde kama 8, na wewe bila shaka uliangalia milisekunde chache tu. Ukitaka sifuri ya kweli andika `Rser=0` kwenye koili.