Je, -i ya Kiindonesia ni ileile -ia yetu?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nimeanza kujifunza Kiindonesia, naona vitenzi vyao vinabandikwa -kan au -i mwishoni. Mwenzangu darasani anasema rahisi tu, -kan ni -isha yetu na -i ni -ia yetu. Ni kweli?

Marahaba. Mwenzako amepatia nusu, na hiyo nusu nyingine ndo itakusumbua ukianza kuongea, kwa hiyo tuanze na pale alipopatia.

Chukua duduk, yaani kaa. Mama akimkalisha mtoto kwenye kiti, Mwindonesia anasema ibu mendudukkan anak di kursi, na mtoto akikalia kiti ni anak menduduki kursi. Kaa, kalisha, kalia: duduk, mendudukkan, menduduki. Inakaa sawa kabisa, hata kwenye habari za vita, manake sisi tunasema ardhi inakaliwa kwa mabavu na wao wanatumia menduduki hiyohiyo kwa jeshi lililoteka nchi ya watu. Vivyo hivyo jatuh ni anguka na menjatuhkan ni angusha. (Hiyo me- ya mbele, ambayo inabadilika mara men- mara mem-, inaonyesha tu kwamba mtenda ndo anaongelewa, usiitafutie mwenzake kwetu.)

Sasa jaribu beli, nunua. Kwa hesabu ya mwenzako, nunulia ingepata -i, lakini hapana, ni membelikan: ibu membelikan saya baju, mama ameninunulia nguo. Buka ni fungua, na membukakan tamu pintu ni kumfungulia mgeni mlango. Kwa hiyo -kan hiyohiyo iliyokuwa -isha hapo juu huku imekuwa -ia! Kinachoamua ni kitenzi chenyewe. Kama mzizi hauna mtendwa, kama kaa, anguka, lala, basi -kan inasababisha, ni kauli ya kutendesha. Kama mzizi tayari una mtendwa wake, kama nunua au fungua, mara nyingi -kan inaleta mtu anayefanyiwa, ni kauli ya kutendea. Nasema mara nyingi kwa sababu kuna vitenzi havifuati, mfano mengirim na mengirimkan vyote ni kutuma tu.

Yaani -ia yetu inabeba kazi nyingi, wao wamezigawa. Ya kumfanyia mtu jambo kwa faida yake imeenda kwa -kan, ya kufika mahali au kumlenga mtu imeenda kwa -i: datang ni njoo, mendatangi ni kumwendea mtu au kufika pahali. Na ya kifaa, kama kisu cha kukatia, hawana kiambishi chake, wanasema tu pisau untuk memotong, kisu kwa ajili ya kukata.

Kwa kitenzi kama kirim, tuma, ukitaka kujua utumie ipi, angalia nini kinafuata baada ya kitenzi. Dia mengirimi saya surat, amenitumia barua, mtu ndo anafuata. Dia mengirimkan surat kepada saya, ametuma barua kwangu, kitu ndo kinafuata na mtu anasukumwa nyuma na kepada.

Kuna pahali pa kuwa makini sana. Tidur ni lala. Menidurkan anak ni kumlaza mtoto, kumbembeleza mpaka apate usingizi, ila meniduri ni kulala na mtu kimapenzi. Ukifuata masikio ya Kiswahili ukadhani -i haina madhara utasema kitu kibaya mno mbele ya wazazi wa mtoto, kwa hiyo hili lishike mapema.

Kwenye kutendwa napo tunakutana vizuri. Saya dibelikan baju oleh ibu, nimenunuliwa nguo na mama, anayefanyiwa amekuwa mwanzo kabisa kama kwetu. Tofauti ni kwamba sisi tunapanga vyote nyuma, nunu-li-wa, wao wanaweka di- mbele na -kan nyuma. Na wao hawarundiki, ukishaweka -kan huwezi kuongeza -i juu yake, wakati sisi tunasema andikishiana bila shida.

Hizi lugha si ndugu, Kiswahili ni Kibantu na Kiindonesia ni Kiaustronesia, ila zote zimechota Kiarabu, ndo maana wao wana pikir na sisi fikiri. Cha kupendeza ni kwamba kila moja imelivisha neno la mgeni kinyambuo chake, sisi fikiria, wao memikirkan.

Afu ukichati na vijana wa Jakarta usishangae kukosa -kan na -i zote mbili, mtaani wanaweka -in kila mahali: beliin ni nunulia, bukain ni fungulia. Kwenye mtihani au barua ya ofisi rudi kwenye -kan na -i.